Barua ya Fundi wa Sola: Eleza Kazi Moja na Vipimo Vyake

Barua nyingi za mafundi umeme wanaoomba kazi huanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26, mchapakazi, mwaminifu na ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu." Hufuata orodha ndefu: umeme wa majumbani, sola, kamera, jenereta, kutengeneza feni na pasi. Mwisho kabisa, "Wako mtiifu." Meneja anayezisoma hana sababu ya kumbishia hata mmoja wa waandishi hao, na kwa sababu hiyohiyo hana sababu ya kumchagua yeyote. Wote ni waaminifu, wote ni wachapakazi, wote wanajua kila kitu.

Makala haya ni ya mafundi wa Kigoma na Ujiji wanaoomba kazi kwenye kampuni za sola, miradi na mashirika. Ajira za Serikali zina mfumo wake wa Ajira Portal na masharti yake, na sizungumzii hizo hapa. Nazungumzia ile barua ya ukurasa mmoja inayopelekwa ofisini au kutumwa kwa barua pepe, ambayo mtu mmoja ataisoma kwa dakika mbili na kuamua kama atakupigia simu.

Mtu huyo ana swali moja kichwani, na linatokana na jiografia ya mkoa wetu. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, na sola ikaingia majumbani, madukani, kwenye zahanati, hata kwenye vyombo vya wavuvi wa dagaa ambako zamani karabai ndiyo ilikuwa taa. Vijiji vya ufukweni kama Mwamgongo hufikiwa kwa boti kutoka Kibirizi. Fundi aliyesahau fyuzi mbili mjini amepoteza siku nzima, na fundi aliyefunga vibaya atamgharimu mwajiri safari ya pili ya boti, mafuta na posho, huku zahanati ikilala gizani. Kwa hiyo meneja anasoma barua yako akijiuliza: huyu nikimpandisha boti peke yake, atajua nini kimeharibika, atakitengeneza bila kuumia wala kuumiza mtu, na wenyeji watakubali arudi tena? Ufungaji, usalama na uaminifu viko ndani ya swali hilo moja, na njia nzuri ya kulijibu ni kueleza kazi moja uliyoifanya kuanzia malalamiko ya mteja hadi siku uliyorudi kukagua.

Chagua kazi ambayo uliigundua hitilafu mwenyewe, kwa kupima. Haihitaji kuwa kubwa. Nyumba yenye paneli moja na betri moja inatosha kabisa, mradi unakumbuka vipimo. Fundi aliyezoea kutengeneza taa za kuvulia dagaa huko Katonga au Kibirizi mara nyingi huiona kazi hiyo ndogo na kuiacha nje ya barua. Asiiache. Kufanya kazi ya volti 12 kwenye chombo kinacholowa kila usiku, ambako vichwa vya betri huota kutu ya kijani na viungo vya waya hulegea kwa mtikisiko wa mawimbi, kunamfundisha fundi mambo ambayo aliyefunga taa za sebuleni tu hajayaona.

Tuchukue mfano mmoja niutengeneze kwa ukamilifu. Fundi wetu anaitwa Ujiji kwenye nyumba ambayo mwenyewe analalamika kuwa televisheni inazimika saa mbili usiku. Fundi aliyetangulia alimwambia betri imekufa, anunue nyingine. Mfumo una paneli moja ya wati 150, kontrola ya chaji aina ya PWM, na betri ya volti 12 yenye Ah 100. Televisheni ya wati 40 huwashwa kwa muda wa kama saa nne, taa sita za wati 5 kwa kama saa tano, na kuna simu za kuchaji. Jumla ni kama Wh 330 kwa usiku. Betri ya Ah 100 ina Wh 1,200, na ukiitumia nusu tu ili idumu unapata 600. Paneli ya wati 150, kwa jua la saa nne na nusu na baada ya kutoa hasara za joto, vumbi na nyaya, huingiza kama Wh 470. Kwa hesabu, mfumo huu unatosha. Basi kwa nini unazimika?

Asubuhi, mizigo ikiwa imezimwa na jua halijapiga paneli, betri inasoma volti 11.9. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7, na iliyobaki nusu kama 12.2, kwa hiyo hii iko karibu tupu. Hapo ndipo wengi husimama na kusema imekufa. Fundi wetu anasubiri jua la saa sita mchana, anapima tena mfumo ukiwa unachaji. Kwenye vichwa vya paneli anapata volti 15.9. Kwenye kontrola, mwisho wa waya uleule, anapata 12.6. Volti 3.3 zimepotelea njiani. Waya una urefu wa mita 18 na unene wa milimita 1.5 za mraba, ule wa kufungia taa. Kwenda na kurudi ni mita 36, na shaba ina ukinzani wa kama omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba. Zidisha 0.0175 kwa 36, gawa kwa 1.5, unapata omu 0.42. Kwa mkondo wa ampea 8, hizo ni volti 3.4, na mita ilisema 3.3. Hesabu na kipimo vinakubaliana.

Athari yake inajificha, ndiyo maana hitilafu hii hudumu miaka. Betri ikiwa tupu, chaji inaingia vizuri tu. Betri inapopanda kuelekea volti 14.4, paneli ingelazimika kutoa karibu volti 18 ili kuvuka waya huo, na paneli iliyochomwa na jua juu ya bati haiwezi. Mkondo unashuka, betri haijai, kesho inaanza ikiwa na upungufu. Juu ya hayo, paneli iko upande wa nyuma wa nyumba, na kuanzia saa tisa alasiri kivuli cha mwembe wa jirani kinaipitia. Ujiji ni mji wa miembe, na yeyote anayefunga sola pale bila kuuliza kivuli cha alasiri kinaangukia wapi anajitafutia lawama. Tawi moja likifunika seli chache tu, nguvu ya paneli nzima huanguka.

Suluhisho lilikuwa kuihamishia paneli upande wa mbele wa paa, ambako hakuna kivuli na waya ukawa mita 8 badala ya 18, kisha kuweka waya wa milimita 6 za mraba. Sasa upotevu ni omu 0.047 mara ampea 8, kama volti 0.4. Siku ya tatu kontrola ilifika volti 14.4 kabla ya saa tisa alasiri.

Hebu tuone kazi hiyo ikiingia kwenye barua. Anwani, tarehe na jina la mwandikiwa zikae mahali pake kama barua yoyote rasmi. Mwili uwe hivi:

"YAH: MAOMBI YA KAZI YA FUNDI WA MIFUMO YA SOLA

Naomba kazi ya fundi wa sola mliyoitangaza kwa ajili ya zahanati za mwambao wa ziwa. Nina cheti cha VETA cha ufundi umeme, ngazi ya pili, na kwa miaka minne nimefunga na kutengeneza mifumo ya sola Ujiji, Mwanga na Kibirizi nikiwa chini ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Leseni ya jina langu bado sijaipata.

Mwezi Julai mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja Ujiji ambako televisheni ilizimika saa mbili usiku, na mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa anunue betri mpya. Nilipopima mchana nikakuta volti 15.9 kwenye paneli na 12.6 kwenye kontrola. Waya ulikuwa wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 18, na paneli ilipata kivuli cha mwembe kuanzia saa tisa. Niliihamisha paneli, nikafupisha waya kuwa mita 8 na kuweka wa milimita 6. Upotevu ulishuka kutoka volti 3.3 hadi 0.4 na betri ikaanza kujaa. Hakununua betri. Nilimweleza kwamba kwa kukaa muda mrefu bila kujaa, betri ile imepungua nguvu na haitarudi kama mpya. Sasa inafika saa nne na nusu usiku.

Kabla ya kugusa mfumo nilizima mizigo, nikatenganisha paneli, kisha betri. Wakati wa kurudisha nilianza na betri, ikafuata paneli, mizigo mwisho. Betri haikuwa na fyuzi, nikafunga ya ampea 20 kwenye waya chanya, karibu na kichwa cha betri. Nyaya za paani nilizipitisha kwenye bomba ili bati lisizikate.

Nilimwachia mwenye nyumba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, risiti ya waya na mabaki yake, na nilirudi baada ya wiki mbili kukagua bila malipo. Amekubali mumpigie simu. Namba yake iko kwenye wasifu wangu.

Jokofu la chanjo la sola sijawahi kufunga, ila nimesaidia kusafisha paneli za jokofu hilo na kukaza viungo vyake kwenye zahanati moja. Niko tayari kusafiri kwa boti na kulala kijijini. Naweza kuanza kazi wiki mbili baada ya kuitwa.

Wako mtiifu,"

Aya ya usalama ndiyo inayowashinda wengi. Huandika "ninazingatia usalama kazini" na kupita. Maneno hayo hata aliyeunguza nyumba anaweza kuyaandika. Mfuatano wa kufungua na kufunga hauandikwi na mtu asiyeujua, na meneja mwenye ufundi anaujua papo hapo. Betri hutangulia kwa sababu kontrola nyingi husoma volti ya betri kwanza ili kujua kama mfumo ni wa 12 au 24. Ukianza na paneli, kontrola inaweza kukosea au kuungua. Fyuzi hukaa karibu na betri kwa sababu betri ndiyo yenye uwezo wa kumwaga mamia ya ampea waya ukigusana, na kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinga yoyote. Usiyaeleze yote haya kwenye barua. Taja ulichofanya, sababu zake uzibakize kwa ajili ya usaili.

Kama kazi unayoomba inagusa pia umeme wa TANESCO, badilisha aya hiyo. Taja jinsi unavyothibitisha kwamba waya hauna umeme: unaijaribu testa kwenye soketi unayojua inao, unapima unapotaka kufanya kazi, kisha unarudi kuijaribu testa tena kuhakikisha haikufa katikati. Kama umewahi kufunga inveta au jenereta kwenye nyumba yenye umeme wa gridi, eleza kwamba uliweka swichi ya kubadilishia chanzo, ile tunayoiita chenjova. Bila hiyo, umeme wa inveta au jenereta hurudi kwenye laini wakati umekatika mtaani, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anakufa akidhani laini imezimwa. Na kama uliwahi kukuta saketi breka ya AC imefungwa upande wa DC ukaiondoa, hilo nalo litaje. Umeme wa AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hujizima zenyewe swichi inapofunguka. DC haina nafasi hiyo, cheche zake hubaki zikiwaka na kuyeyusha breka isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Tena, usijipandishe cheo. Leseni za kufunga umeme hutolewa na EWURA kwa madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi linayoruhusu. Ukiwa nayo, andika daraja na tarehe ya kuisha. Usipokuwa nayo, sema ulifanya kazi chini ya nani mwenye nayo, kama barua ya mfano ilivyosema, maana mwajiri atakagua. Wala usijiite mhandisi. Jina hilo lina bodi yake ya usajili.

Nije kwenye uaminifu, ambao kwa maoni yangu ndio unaoamua kazi za mwambao. Kijijini fundi hukabidhiwa fedha za watu akanunue vifaa mjini, huingia vyumbani, na huaminiwa akisema kitu fulani kimekufa. Kwenye barua, uaminifu huonekana kwa vitu vinavyoshikika: risiti, mabaki ya waya yaliyorudishwa, karatasi ya vipimo, kurudi kukagua. Ule mstari wa "hakununua betri" una nguvu kuliko neno "mwaminifu" likirudiwa mara kumi, kwa sababu fundi aliikosa faida ya kuuza betri akasema kweli. Na ule unaofuata, kwamba betri imepungua nguvu na haitarudi kama mpya, una nguvu zaidi. Mteja aliyeambiwa ukweli huo hatalalamika mwezi wa pili televisheni ikizimika saa nne na nusu.

Ukiwa umewahi kumnunulia mteja paneli, eleza ulivyoikagua. Sokoni zipo paneli zenye lebo ya wati nyingi kuliko zinazotoa. Fundi makini huitoa nje jua la mchana, hupima mkondo wa mzunguko mfupi kwa mita yenye uwezo huo na kulinganisha na Isc iliyoandikwa nyuma. Lebo ikisema 8.8 na mita ikasoma 4 anga likiwa jeupe, paneli inarudi dukani kabla fedha ya mtu haijapotea. Sentensi moja ya namna hiyo ndani ya barua inamwambia mwajiri kwamba vifaa vyake navyo vitakaguliwa kabla ya kupanda boti.

Kuna heshima za nyumbani pia. Sehemu kubwa ya Ujiji, fundi mwanamume akipiga hodi akakuta wamo akina mama peke yao hungoja mwenyeji mwingine afike, au hupanga kurudi wenyeji wengine wakiwapo. Kama ndivyo unavyofanya kazi, andika kwa ufupi kwamba hupanga saa ya kuingia na mwenye nyumba kabla ya kwenda. Kampuni inayotuma mafundi majumbani inajua malalamiko yanayotokea pasipo utaratibu huo.

Namba ya mteja usiiweke bila kumwomba ruhusa, na picha ya nyumba yake vilevile. Mpigie, mwambie umeomba kazi na nani anaweza kumpigia. Mteja aliyeshtukizwa na simu ya mgeni hujibu kwa mashaka, na mashaka yake yatahesabiwa kuwa yako.

Barua ya mfano ina sentensi ambayo wengi wangeifuta: "Jokofu la chanjo la sola sijawahi kufunga." Iache. Mengi ya majokofu hayo huendeshwa na paneli moja kwa moja, bila betri, na chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Tatizo linalojirudia ni watu kuunganisha chaja za simu au taa kwenye paneli za jokofu, jambo ambalo fundi wa zahanati lazima aweze kumkatalia hata mkubwa wa kituo kwa upole na kwa sababu. Ukidai unayafahamu na hujawahi kuyagusa, utaulizwa swali la pili tu na utakwama. Ukisema ulichofanya kweli, yaani kusafisha paneli na kukaza viungo, mwajiri anajua pa kuanzia kukufundisha.

Urefu usizidi ukurasa mmoja. Lugha iwe ile ya tangazo. Tangazo likiwa la Kiingereza, andika kwa Kiingereza, lakini vipimo vibaki vilevile. Soma tena kila namba, hasa nukta ya desimali, kwani volti 1.26 badala ya 12.6 itakufanya uonekane hujui mita inavyosomwa. Na usiazime kazi ya mwenzako. Vipimo vya mfano huu ni vya mfano. Weka vyako kutoka kwenye daftari lako, na kama huna daftari, lianze kwenye kazi ya kesho: tarehe, volti ya asubuhi, volti ya mchana pande zote mbili za waya, urefu na unene wa waya, ulichobadilisha, vipimo vya baada.

Ukiitwa kwenye usaili, nenda na daftari hilo, kwa sababu utaulizwa juu ya kazi uliyoiandika. Kwa nini hukukata tawi la mwembe? Kwa sababu mti ni wa jirani, tawi huota tena, na kuhamisha paneli kulifupisha waya kwa mita 10. Kwa nini waya wa 6 na si wa 4? Kwa mita 8, wa 4 ungepoteza kama volti 0.56 na wa 6 unapoteza 0.37, mfumo ni wa volti 12, na 0.37 ni kama asilimia 3, kiwango ambacho mafundi wengi wa sola hujiwekea kuwa cha juu. Ulijuaje kwamba betri haikufa? Hapo jibu kwa uangalifu: kwa volti 11.9 peke yake usingejua. Ulijua baada ya kuondoa hitilafu ya waya, kuiacha ijae kwa siku kadhaa, kisha kuipa mzigo unaoujua na kuhesabu saa ilizobeba.